Harufu tamu na ukungu wa mafuta kiooni: angalia hita kabla ya rejeta

Njombe mwezi wa Juni kila gari huamka na ukungu kiooni, kwa hiyo mwalimu mstaafu aliponiletea gari lake dogo la Kijapani nikadhani ni baridi tu. "Kijana wangu," akaniambia, "nafuta, nafuta, kioo kinazidi kuwa kama nimekipaka samli." Alishabadilisha mipira ya waipa, wakati uchafu wenyewe ulikuwa upande wa ndani.

Nikamwomba awashe injini, ikipata moto afungulie hita na kuelekeza upepo kwenye kioo cha mbele. Ukungu wa kawaida ni maji, ukipigwa na hewa ya moto dakika chache unakimbia. Wa kwake ulizidi kuwa mzito, ukianzia chini pale upepo unapotokea kwenye dashibodi. Nikapitisha kidole, kikaacha mchirizi unaoteleza. Nikanusa: utamu fulani kama sharubati iliyoungua kidogo.

Utamu ule ni wa glikoli iliyomo kwenye kulanti, kimiminika cha kupooza injini. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya hita, ambayo injini inaipelekea kulanti ya moto kwa mpira mmoja na kuirudisha kwa mwingine. Ikitoboka, hata tundu la kupenya sindano, feni inaupeperusha mvuke moja kwa moja hadi kiooni. Maji yanakauka haraka. Glikoli inachemka karibu nyuzi 197 za Selsiasi, kwa hiyo inabaki pale kama utando. Tena inavuta unyevu wa hewani, ndiyo maana asubuhi inayofuata kioo kinaziba upya hata kama jana ulikisugua kwa sabuni.

Hapa kuna mtego. Wengi wetu tunajaza maji ya bomba kwenye rejeta. Hita ya gari la namna hiyo ikivuja haitoi utamu wala utelezi, utaona ukungu mwingi tu na kapeti iliyolowa. Na dashibodi ya plastiki iliyoshinda juani nayo hupaka kioo utando wa mafuta, ila huo hauongezeki ukiwasha hita, na kulanti haipungui.

Kwa mwalimu kulanti ilikuwa inapungua, karibu nusu lita kila wiki mbili. Fundi wa kwanza alichungulia chini ya gari, akakuta pakavu, akambadilishia mfuniko wa rejeta. Ni kosa rahisi kufanya, maana uvujaji huu unaishia ndani. Nilikunja kapeti upande wa abiria: juu kukavu kabisa, lakini sponji ya chini nilipoiminya ilitoa kulanti ya kijani. Maji ya kiyoyozi nayo hulowesha hapohapo mrija wake ukiziba, ila hayo hayana rangi wala hayatelezi.

Sijashusha dashibodi ya mtu kwa harufu peke yake. Nilisubiri injini ipoe (mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata uwe na haraka gani), nikafunga pampu ya kupimia presha. Mfuniko wake uliandikwa 1.1, yaani karibu bar 1.1. Nikapampu hadi 1.0, maana ukizidisha namba ya mfuniko unaweza kupasua kilichokuwa kizima. Baada ya dakika kumi mshale ulikuwa 0.8, na nje hapakuwa na tone. Nikatoa mipira miwili ya hita kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, nikaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba na klipu mbili, nikapampu tena. Mshale ukasimama. Basi, ni hita.

Kuunganisha vile ndiyo dawa ya muda, na usizibe ncha za mipira badala yake, kwa sababu kwenye baadhi ya injini kulanti huzungukia njia hiyo wakati injini haijapata moto na themostati bado imefungwa. Mtu wa Dar anaweza kuishi hivyo miaka, kiyoyozi chake kitamkaushia kioo. Mwalimu anakwenda Makete alfajiri, anaihitaji hita.

Aliniuliza kuhusu dawa ya kuziba, ile ya kumwaga kwenye rejeta. Nikakataa. Vijia vya hita ni vyembamba kuliko vya rejeta kubwa, dawa huviziba vyenyewe kabla ya tundu. Nilichomoa betri kwanza ili mifuko ya hewa isifyatuke, nikashusha dashibodi, kazi ya siku nzima. Kwenye magari mengine hita huchomolewa pembeni bila kugusa dashibodi, kwa hiyo uliza kabla ya kukubali bei. Hita ya zamani ilikuwa na kutu nyeupe ya alumini kwenye kona, hapo palipotoboka.

Sponji tuliitoa, tukaiosha na kuianika siku mbili. Mwalimu ana wajukuu na mbwa, na glikoli ni sumu yenye ladha tamu. Kioo nilikisugua mara tatu kwa spiriti, kila mara kitambaa kipya, maana kilekile hurudisha utando.

Wiki ya pili alipita bila kushuka, akashusha kioo cha mlango: "Fundi, sasa naona hadi mashimo ya barabara."