Sikio lililotogwa juu limevimba: nimalize dozi kwanza?

Swali: Nilitoga sikio sehemu ya juu, penye mfupa laini, wiki mbili zilizopita. Lilitulia, lakini tangu juzi limevimba, lina joto na linauma hata likigusa mto. Duka la dawa walinipa amoksilini. Nimekunywa siku mbili, sioni nafuu. Nimalize dozi kwanza?

Jibu: Hapana, nenda hospitali leo. Tundu jipya huuma kidogo na kutoa ukoko mwembamba siku za mwanzo, kisha hupoa. Maumivu yanayorudi na kuzidi baada ya kutulia ni dalili mbaya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia vidole: linganisha joto la masikio yote mawili, kisha minya ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio. Kama juu kumevimba na kunauma huku ndewe ikiwa laini kama kawaida, maambukizi yameingia kwenye gegedu, yaani huo mfupa laini. Ndewe haina gegedu, ndiyo maana inasalimika.

Kuhusu dawa, bakteria anayeshambulia gegedu mara nyingi ni sudomonasi, na amoksilini haimuui hata ukimaliza dozi. Daktari kwa kawaida huandika siprofloksasini. Usijinunulie, haimfai kila mtu, na mjamzito au mtoto lazima daktari ampime kwanza.

Swali: Wenzangu wanasema litapona lenyewe. Likiachwa litafanya nini?

Jibu: Gegedu haina mishipa yake ya damu. Inalishwa na utando mwembamba ulioifunika pande zote. Usaha ukijikusanya kati ya utando na gegedu, huvitenganisha, na gegedu hukosa chakula. Ndani ya siku chache inaweza kuanza kufa, na ikifa haioti tena. Ngozi hubaki bila kiunzi, sikio likajikunja na kusinyaa likawa na mabonde na vinundu. Inasikitisha kwamba wengi hufika hospitali wakati huo, maumivu yakiwa yameshaisha na umbo limeshapotea. Upasuaji wa kulijenga upya upo, hutumia gegedu ya mbavu, lakini ni mgumu na mara chache sikio hurudi lilivyokuwa.

Swali: Hospitali watanifanyia nini? Na hereni nitoe?

Jibu: Maambukizi yakiwa kwenye gegedu, hereni hutolewa. Kama imezama kwenye uvimbe, usiivute, mwachie daktari. Atapapasa uvimbe. Ukiwa mgumu tu, huenda vidonge vikatosha. Ukibonyea kama una maji ndani, kuna usaha, na vidonge peke yake haviwezi kuumaliza. Atakuchoma ganzi, atapasua, atasafisha na kupeleka usaha maabara, kisha atafunga bendeji ya kukandamiza ili utando ushikane tena na gegedu.

Usiukamue mwenyewe. Na ukishaanza dawa mpya, sikio lisipopungua uvimbe na maumivu ndani ya siku 2, au homa ikipanda, au uvimbe ukishuka shavuni, rudi bila kungoja tarehe uliyopangiwa.