Tegi imekufa Jumanne, kwa nini unafuta Jumanne peke yake?

Nimeulizwa tena wiki hii: "Tegi ya konvesheni ilikatika tarehe 10 mpaka 12, nimeziweka siku hizo tatu kwenye `Data exclusions` za Google Ads ili mfumo usijifunze kutoka kwazo, mbona kampeni bado imelala?" Imelala kwa sababu umefuta nusu ya uharibifu tu, na nusu iliyobaki ndiyo mbaya zaidi, maana haionekani.

`Data exclusions` huhesabu tarehe ya kliki. Haihesabu tarehe ya bukingi. Wengi huisoma sentensi hiyo wakaitikia kwa kichwa, kisha wakaenda kujaza tarehe za bukingi.

Chukua nyumba ya wageni ya Malindi, vyumba vinane, wageni wengi kutoka Nairobi na Italia. Mtu wa Nairobi anabofya tangazo tarehe 8 akiwa kazini, anaangalia vyumba, anatuma linki kwa mkewe, wanatafuta ndege, na tarehe 11 usiku wanalipa. Siku hiyo tegi imekufa. Pesa imeingia, daftari la nyumba linayo, lakini kwa mfumo, kliki ya tarehe 8 haikuzaa kitu. Na tarehe 8 hukuifuta, kwa hivyo Smart Bidding, mfumo unaokupangia bei ya kila kliki, inajifunza kwamba watu wa Nairobi wanaobofya saa za kazi hawanunui. Inawashushia bei. Tegi imeshatengenezwa, na matangazo yanaendelea kupungua.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa tarehe yoyote, fungua ripoti ya kampeni, igawe kwa `Days to conversion`, na uchukue kipindi ambacho tegi ilikuwa nzima. Tuseme nyumba yetu inaonyesha kwamba katika bukingi 100, 60 huja siku ileile ya kliki, 85 hutimia ndani ya siku tatu, na 95 ndani ya siku tano. Tegi ilikufa tarehe 10 saa nne asubuhi, ikarudi tarehe 12 saa kumi jioni. Mimi ningeanza kufuta tarehe 7 saa nne asubuhi na kumaliza tarehe 12 saa kumi jioni, kwa saa za akaunti.

Kwa nini siku tatu nyuma na si tano? Hapa hakuna kanuni, ni kupima kwa jicho. Kliki za tarehe 5 na 6 zilikuwa zimeshapata bukingi zao nyingi kabla tegi haijafa. Ukizifuta unatupa habari njema nyingi ili kuokoa kidogo. Lakini kama wageni wako hukawia, wengi wakilipa siku ya sita au ya saba, tatu hazitoshi. Ukijikuta unafuta zaidi ya wiki mbili, simama: mfumo unabaki bila chakula. Kama ulihifadhi `gclid` ya kila bukingi, yaani alama ya kliki iliyoileta, ni afadhali upakie bukingi zilizopotea kwa mkono kuliko kufuta.

Kufuta hakurekebishi ripoti, na hakuzuii matumizi. Kama ni tovuti yenyewe iliyoanguka, simamisha kampeni kwanza. Kliki zinaendelea kulipiwa.

Ofa ni jambo jingine kabisa, na kifaa chake ni `Seasonality adjustments`. Pale unaulizwa kiwango cha konvesheni kitapanda kwa asilimia ngapi. Huulizwi mauzo. Nyumba yetu kwa kawaida hupata kliki 200 kwa siku na bukingi 4, yaani asilimia 2. Ofa ya siku tatu kama hii mwaka jana ilileta kliki 400 na bukingi 12 kwa siku, yaani asilimia 3. Bukingi zimepanda kwa asilimia 200, lakini kiwango kimepanda kwa 50. Unaandika 50.

Tazama gharama ya kukosea. Kwa Target CPA, yaani gharama unayolenga kwa kila bukingi, ya shilingi 1,500, kliki ya asilimia 2 inastahili kama shilingi 30. Ukiandika 50, mfumo unalenga 45, na bukingi inabaki 1,500. Ukiandika 200, unalenga 90, na kwa kiwango halisi cha asilimia 3 kila bukingi inakugharimu 3,000, tena kwenye vyumba ulivyokwisha kuvipunguzia bei.

Kifaa hiki ni cha siku moja hadi saba. Msimu wa Desemba, ambao Malindi yote inaujua, mfumo nao unaujua, uache. Na ofa ikiisha, usizifute siku zake kwa kuogopa kwamba "zimechafua historia". Wageni wale walilipa kweli. Hakikisha tu saa ya mwisho ya marekebisho ni saa ileile bei inaporudi kwenye tovuti: ofa ikifungwa saa sita mchana na marekebisho yakaachwa mpaka usiku wa manane, kwa muda wa saa kumi na mbili nzima unanunua kliki za bei ya ofa kwa wageni wanaokuta bei ya kawaida.