Pesa ya kutuma dera: ndani ya bei au kando?

Kazi yangu ni kuwapangia bei wafanyabiashara wadogo hapa Mombasa, na wauzaji wa madera na leso wanaoanza kuuza kwa simu huniuliza swali hili mapema sana: pesa ya kutuma niitie ndani ya bei, au mteja ailipe kando? Mimi huanzia hapa: dera lina bei kwa kila moja, lakini nauli hulipwa kwa kila mzigo. Madera matatu ndani ya mfuko mmoja hupanda basi kwa nauli ya dera moja, au karibu nayo.

Tuchukue hesabu ya mfano. Dera limekugharimu shilingi 600, unaliuza 1,000. Bodaboda wa kulifikisha Tudor ni 150, mzigo wa Nairobi ni 300. Katika maagizo 100 ya dera mojamoja, 60 ni ya mjini na 40 ya Nairobi. Wastani wa kutuma ni 210, basi unaandika "1,200, natuma bure popote" na kujiambia kwamba faida imeshuka kidogo tu, kutoka 400 hadi 390.

Lakini wateja hawabaki walivyokuwa. Wa Tudor alikuwa akilipa 1,150. Sasa anaona 1,200, na anajua akishuka Barabara ya Biashara atalipata kwa 1,000. Wa Nairobi alikuwa akilipa 1,300, kwa hiyo kwake umeshusha bei. Wa karibu wanapungua, wa mbali wanaongezeka. Tuseme sasa una 35 wa mjini na 55 wa Nairobi: wastani wa kutuma umepanda hadi karibu 242, na faida yote ni 32,250 badala ya 40,000 uliyokuwa ukipata ulipotoza kando. Bei yenyewe ndiyo iliyouvuruga wastani ulioutumia kuipanga. Na yule anayetaka madera matatu unamtoza nauli mara tatu, 600 kwa mzigo wa 300. Ndiyo maana atakuuliza, "Nikichukua matatu utanifanyia ngapi?"

Kutoza kando nako kuna ugonjwa wake, na mara nyingi uko kwenye wakati wa kuitaja ile pesa. Soma mazungumzo ya muuzaji yeyote:

"Bado lipo?"
"Lipo dadangu, 1,000."
"Nitumie Nairobi."
"Sawa, ongeza 300 ya kutuma."

Kisha kimya. Ameusoma ujumbe, hajibu. Moyoni alikwisha kulinunua kwa 1,000, na 300 imemjia kama bei iliyopandishwa. Iandike chini ya picha tangu mwanzo: "1,000. Mjini 150, Nairobi 300." Watakaokuulizia watapungua, ila wanaouliza watakuwa wameshapiga hesabu.

Ukubwa wa pesa hiyo ukilinganishwa na bei ya bidhaa nao una uzito. Wanauchumi Tanjim Hossain na John Morgan walilipima hili kwa kuuza sidii za muziki na michezo ya Xbox kwa mnada kwenye eBay, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Mnada ulioanzia senti 1 na ada ya kutuma ya dola 3.99 uliwaingizia zaidi, ada ikiwemo, kuliko ule ulioanzia dola 4 na kutumwa bure. Walipoipandisha ada hadi dola 6, kwa sidii faida hiyo ilitoweka. Ada ndogo mnunuzi huipitia juu juu. Ikikaribia thamani ya kitu chenyewe, anaiona.

Kwa dera, mimi hushauri kutoza kando, na kutuma bure kuanzia idadi fulani. Mteja wa Nairobi mwenye madera mawili analipa 2,300. Ukisema matatu unatuma bure, analipa 3,000, yaani dera la tatu limemfikia kwa 700. Wengi hapo humtafutia mama au dada. Lakini angalia upande wako: mawili yalikuachia 800, matatu yanakuachia 900. Aliyekuwa anachukua moja na sasa anachukua matatu amekutoa 400 hadi 900, huyo ndiye unayemtafuta. Aliyekuwa atachukua matatu hata hivyo, umemsamehe 300 bure. Kwa hiyo pitia kwanza maagizo yako ya nyuma: ikiwa wengi huchukua moja, weka tatu, ikiwa wengi tayari huchukua matatu, weka tano.

Vitu vidogo vya bei kubwa, kama pete za fedha, naona afadhali nauli imezwe ndani, maana 300 haionekani kwenye 6,000, na mteja hupenda kulipa mara moja akamaliza. Viti vya mvule ni kinyume kabisa: nauli hubadilika kwa kila mji na kwa kila gari, kwa hiyo itaje kando, tena baada ya kujua kinakwenda wapi.

Ukibadilisha mtindo, usihesabu maagizo. Hesabu pesa iliyobaki baada ya kulipa bodaboda na basi, ukiwatenga wa mjini na wa mbali. Maagizo yakiongezeka upande wa mbali peke yake, huku wa mjini wakipungua, bei yako imeanza kuwalipisha majirani nauli ya Nairobi.