Notsi za mhadhiri na vyanzo vyake: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kitabu kimo kwenye orodha ya marejeo mwishoni, inatosha.

Haitoshi. Orodha ya mwishoni humwambia mwanafunzi kwamba kuna kitabu fulani, lakini haimwonyeshi ni aya ipi iliyotoka humo na ipi ni ya mhadhiri mwenyewe. Anasoma fasili ya mlipuko wa ugonjwa kwenye notsi, anaamini ni maneno ya mwalimu wake, na anayaingiza kwenye kazi anayokusanya. Kazi ikipitishwa kwenye Turnitin, programu inayotafuta maandishi yaliyonakiliwa, sentensi ile inaonekana imetoka kitabuni. Sasa mwanafunzi anaitwa kujieleza kwa wizi wa kitaaluma uliotangulia kufanywa na aliyemfundisha. Hilo ni dhuluma, na linazuilika kwa mstari mmoja tu.

Chanzo hukaa pale pale kipande kilipo. Ukichukua maneno yenyewe, yafunge kwa alama za kunukuu, kisha andika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Aya ndefu ijongezwe ndani ili ionekane kwa macho kuwa si yako. Ukieleza wazo kwa maneno yako, jina na mwaka vinabaki. Na kama mada nzima umeijenga kwa kufuata sura ya kitabu, usirudie jina hilo hilo kila mstari, sema mwanzoni mwa mada: "Sehemu hii inafuata mpangilio wa sura ya 4 ya kitabu hiki, mifano na maswali ni yangu." Wengi hawajui kwamba njia hii inakubalika, ndiyo maana wanaishia kubadilisha neno moja moja katika kila sentensi ya kitabu. Matokeo yake si nukuu, wala si maelezo yao wenyewe.

Dhana: Ni kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo si lazima kumtaja mtu.

Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unaruhusu nchi wanachama kuacha kazi za watu zitumike kufafanulia somo, kwa kiasi kinachohitajika. Lakini kifungu hicho hicho cha 10 kinaendelea kusema kwamba chanzo kitajwe, pamoja na jina la mwandishi likiwa limeandikwa kwenye kazi hiyo. Maana yake, darasa linaweza kukuondolea haja ya kuomba kibali, lakini halikuondolei wajibu wa kutaja.

Dhana: Slaidi za mwenzangu ni mali ya idara, naweza kubadilisha jina la mbele.

Hapa ndipo mambo huharibika kimyakimya. Mwenzako ameenda masomoni, somo limehamia kwako, faili la slaidi limekuja kwa barua pepe. Unafuta jina lake kwenye slaidi ya kwanza, unaandika lako, unaingia darasani.

Ni kweli kwamba kazi iliyofanywa ndani ya ajira inaweza kuwa na mmiliki mwingine. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, huihesabu hakimiliki ya kazi kama hiyo kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa kama kuna makubaliano mengine. Lakini sheria hiyo hiyo inambakizia mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye aliyeandika, hata baada ya haki za kiuchumi kuhama. Idara inaweza kumiliki slaidi. Haiwezi kukufanya wewe uwe mwandishi wake.

Chukua mfano wa somo la epidemiolojia lenye slaidi 48 ulizorithi. Umeacha 30 kama zilivyo, umerekebisha 10, na 8 umezitengeneza mwenyewe. Slaidi ya kwanza ibebe majina mawili: "Somo linafundishwa na" jina lako, na chini yake "Slaidi za awali zimeandaliwa na" jina la mwenzako, idara na mwaka. Kwenye zile 10, andika kwa herufi ndogo chini: "Imerekebishwa kutoka kwa" fulani, na utaje ulichobadilisha, kwa mfano takwimu au hitimisho. Jambo hili linamlinda yeye pia. Ukikosea hesabu kwenye slaidi yenye jina lake peke yake, kosa lako linasomwa kama lake. Kabla ya yote, mwandikie ujumbe mfupi kumwomba ruhusa na kumuuliza angependa atajweje.

Halafu linakuja swali gumu zaidi: yeye mwenyewe alitoa wapi? Tuseme slaidi ya 12 ina ramani ya kipindupindu ya mtaa wa Broad, London, ya mwaka 1854, na chini yake pameandikwa "Chanzo: Google". Google ni njia uliyopitia kuifikia picha, haikuichora. Mkono unakuvuta uandike "John Snow, 1855", kwa kuwa kila mtu anajua ramani ile ni ya daktari huyo. Itazame kwanza. Kwenye ramani aliyoichapisha Snow, vifo vimeonyeshwa kwa vistari vyeusi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kwenye kila nyumba. Ukiona nukta badala ya vistari, ujue unatazama ramani iliyochorwa upya. Mojawapo inayozunguka sana vitabuni ni ya mwanajiografia E. W. Gilbert, ya mwaka 1958, na mara nyingi huonyeshwa kana kwamba ni ya Snow mwenyewe.

Tofauti hii ina uzito. Ramani ya Snow imekwisha kutoka kwenye hakimiliki, kwani alifariki mwaka 1858. Iliyochorwa upya inaweza kuwa bado ina mwenyewe. Kanuni ninayoisimamia ni kutaja kile ulichokishika mkononi: "Ramani kutoka" kitabu fulani, ukurasa fulani, "imechorwa upya kutokana na Snow, 1855". Soma pia maelezo madogo chini ya picha kitabuni na ukurasa wa shukrani za picha, kwa sababu michoro mingi ya vitabu vya kiada ni ya watu wengine kabisa. Na ukishindwa kuupata mzizi wake, itoe. Tafuta ramani ya Snow yenyewe, au uchore yako kutokana na data na useme hivyo.

Dhana: Nikishamtaja, naweza kuchukua chochote.

Kutaja ni kitu kimoja, ruhusa ni kingine. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba duka la kunakili huko Michigan lilivunja hakimiliki kwa kuuza vijitabu vya masomo vilivyokusanya vipande vya vitabu, kimoja kikifikia asilimia 30 ya kitabu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ilitoa uamuzi tofauti kuhusu vijitabu vya aina hiyo vya Chuo Kikuu cha Delhi, kwa sababu sheria ya India inaruhusu mwalimu kunakili katika kufundisha. Kila nchi ina sheria yake, kwa hiyo uliza maktaba ya chuo kabla ya kuacha sura nzima kwenye duka la fotokopi wanafunzi wainunue.

Njia rahisi ni vitabu vyenye leseni huria. Baadhi ya vitabu vya kiada vya mchapishaji OpenStax vina leseni ya Creative Commons iitwayo CC BY 4.0: unaweza kunakili, kurekebisha na hata kuuza, mradi utaje mwandishi, jina la kitabu, kiungo chake na leseni, na useme umebadilisha nini. Angalia herufi zinazofuata, maana vingine vina CC BY-NC-SA. NC inakataza biashara, na SA inataka notsi ulizozitengeneza kutokana nacho uzitoe kwa leseni hiyo hiyo.