Mtumbwi wa tarehe 10: maneno yanayoamua kama unaweza kuvunja mkataba

Katika meza yetu ya msaada wa kisheria hapa Mwanza, swali moja hurudi kila mara: "Tuliandikiana tarehe, imepita, je, naweza kudai hela yangu yote na kuondoka?" Watu wengi huamini kwamba tarehe ikishaandikwa na kusainiwa, ikipita tu mkataba umekufa. Sheria haisemi hivyo.

Chukua mfano huu. Mama mmoja wa Ukerewe anamwagiza fundi mtumbwi wa kuvulia dagaa kwa shilingi 6,000,000, na anatanguliza 3,500,000. Mkataba unasema: "Mtumbwi utakabidhiwa tarehe 10." Giza linaanza tarehe 12, na kila mtu wa ziwani anajua maana yake: dagaa huvutwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, wavuvi hukaa nchi kavu. Tarehe 10 mama anafika mwaloni na kukuta mtumbwi bado uko juu ya magogo. Mbao zimeshapigwa, lakini maungio hayajazibwa kwa pamba, na ukisimama upande mmoja unaona mwanga wa upande wa pili. Fundi anamwambia, "Mama, nipe siku kumi."

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinauliza jambo moja: je, nia ya pande zote mbili ilikuwa kwamba muda uwe kiini cha mkataba?

Kama haikuwa hivyo, mkataba unabaki hai. Mama anaweza kudai fidia ya hasara iliyotokana na ucheleweshaji. Tuseme amekodi mtumbwi wa jirani kwa siku hizo kumi kwa shilingi 40,000 kwa siku. Dai lake ni 400,000, na risiti azitunze. Lakini akikasirika tarehe 11, akanunua mtumbwi mwingine Kayenze na kuukataa ule wa fundi, yeye ndiye atakayeonekana amevunja mkataba. Hapo ndipo wengi huumia, tena wakiwa na haki upande wao.

Kama muda ulikuwa kiini, mambo hubadilika. Mama ana hiari ya kuuvunja mkataba, kudai arudishiwe 3,500,000 zake, na kudai fidia juu yake. Sentensi inayoleta tofauti hiyo ni fupi: "Muda ni kiini cha mkataba huu. Mtumbwi usipokabidhiwa kufikia saa 12 jioni ya tarehe 10, mnunuzi anaweza kuvunja mkataba na kurudishiwa malipo yote." Mimi hushauri kuongeza na sababu: "kwa kuwa mtumbwi unahitajika kwa giza linaloanza tarehe 12." Sababu hiyo ni ushahidi wa nia, na nia ndiyo mahakama inayoitafuta. Hata pale maneno "kiini cha mkataba" hayakuandikwa, mazingira ya biashara yanaweza kuithibitisha, ila utakuwa na kazi ya kuyathibitisha.

Maneno hayo peke yake pia hayatoshi kama mkataba huohuo unayapinga. Kifungu chetu kinafanana na cha India, na Mahakama ya Juu ya huko iliamua mwaka 1979, katika shauri la mkandarasi wa ujenzi, kwamba mkataba wenye faini za ucheleweshaji na nafasi ya kuongezewa muda unaweza kuondoa nguvu ya maneno hayo. Ni rahisi kuelewa kwa nini: ukishaweka faini ya kila siku, umekubali kwamba kazi inaweza kuchelewa na mkataba ukaendelea.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye huruma yetu. Tuseme sentensi ile ipo, lakini tarehe 13 mama anampigia fundi: "Haya, endelea tu," kisha anamtumia 500,000 za pamba na rangi. Kwa kufanya hivyo amechagua kuuendeleza mkataba. Hawezi kuamka tarehe 15 na kuuvunja kwa sababu ya tarehe 10. Na tarehe 20 akipokea mtumbwi kimyakimya, kifungu cha 55(3) kinamnyima hata fidia, isipokuwa awe amemjulisha fundi wakati wa kupokea kwamba anakusudia kuidai.

Akitaka kuongeza siku bila kupoteza haki, aweke tarehe mpya yenye makali yaleyale, inayompa fundi muda wa kutosha kumaliza kazi. Ujumbe wa simu unatosha, mradi ubaki kwenye simu zote mbili: "Fundi, nimekuongezea hadi tarehe 20 saa 12 jioni. Muda huu ni kiini cha mkataba wetu; ukipita nitavunja mkataba na kudai pesa zangu. Nitadai pia gharama za kukodi mtumbwi tangu tarehe 12, hata nikiupokea."