Amepewa jina la nani?

Alama za jenogramu, mchoro wa ukoo ambao sisi washauri wa familia huutumia kuona uhusiano kati ya watu, ni rahisi. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, aliyefariki hutiwa X, na watoto hupangwa kuanzia kushoto, kifungua mimba kwanza. Yule ambaye familia imeletwa na tatizo lake huzungushiwa mstari mara mbili. Kisha huja mistari ya uhusiano: meno ya msumeno kwa ugomvi, nukta nukta kwa watu walio mbali kimoyo. Nachora vizazi vitatu, na kwa penseli, kwa sababu lazima shangazi fulani atapigiwa simu na kuvuruga kila kitu.

Hapa Nairobi naongeza swali moja kwa kila alama: huyu amepewa jina la nani? Kwa Wakikuyu, kwa mfano, binti wa kwanza kwa desturi hupewa jina la mama yake baba. Jina hilo huja na mzigo wake.

Chukua familia moja (nimebadilisha mambo ili isitambulike). Mama alitaka binti yake wa miaka 13 apelekwe shule ya bweni kwa sababu ya "kiburi". Baba alikuwa kimya, akichezea funguo za gari. Nilipouliza majina, ikajulikana kuwa msichana ni wajina wa bibi mzaa baba, ambaye mama hajazungumza naye tangu ugomvi wa shamba. Nikachora msumeno kati ya mama na mama mkwe. Kisha mwingine, kati ya mama na binti. Mama akautazama mchoro, akasema polepole, "Nikikasirika humwambia, wewe ni kama huyo mwenye jina lako."

Mtaalamu mchanga angeishia hapo, akidhani jina ndilo lililoleta ugomvi. Mimi nilipanda kizazi kimoja juu. Bibi naye aligombana na mama mkwe wake, huku mumewe akifanya kazi mbali na kurudi nyumbani mara chache. Nukta nukta kwa babu, nukta nukta kwa baba huyu mwenye funguo. Kilichojirudia ni mume anayejitenga, na wanawake wawili wanaobaki wakipigania mambo ambayo yeye angepaswa kuyasema. Murray Bowen, daktari wa akili aliyechunguza familia, aliuita mpangilio wa namna hii pembetatu. Bibi alipokuwa hafikiki, mwenye jina lake alikuwa papo hapo mezani, akila chapati.

Hata hivyo, mchoro ni dhana tu. Msichana alikuwa amehamia shule mpya Januari hiyo, na hilo pekee lingeweza kumfanya awe mkali. Kwa hiyo tulijaribu kubadilisha mstari mmoja tu: baba akazungumze na mama yake kuhusu shamba, yeye mwenyewe, bila kumtuma mkewe wala kumwachia. Ilimchukua majuma matano kufunga safari. Aliporudi hakuwa na suluhisho la shamba, lakini mama alikuja kikaoni na lalamiko jipya, na safari hii lilimhusu mumewe. Shule ya bweni hakuitaja.