Mbeya haijapungua, mpaka ndio umehama

"Mbeya 2012 ilikuwa na watu milioni 2.7, sensa ya 2022 milioni 2.3, si watu wamehama huko?"

Hapana, hawajahama. Mwaka 2016 Mbozi, Momba, Ileje na wilaya ya Songwe zilitolewa Mbeya zikawa mkoa wa Songwe, kwahiyo ile milioni 2.7 ni ya mikoa miwili ya leo. Ukitoa wa upande wa Songwe, Mbeya ya sasa 2012 ilikuwa na watu 1,708,548, na 2022 wakafika 2,343,754, yaani wameongezeka kama asilimia 37. Kucheki ni rahisi tu, usianze na jina la mkoa, chukua wilaya moja moja kwenye jedwali la sensa zote mbili ujumlishe mwenyewe, ila angalia na wilaya nayo isiwe imekatwa katikati.

Sababu kubwa ya kugawa ni umbali. Mtu wa Tunduma mwenye shida ya ofisi ya mkoa alikuwa anapanda basi kama kilomita 100 mpaka Mbeya mjini, sasa anaishia Vwawa. Lakini mkoa mpya hauji na hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, majengo huchukua miaka, wagonjwa wanaendelea kupelekwa kulekule kwa zamani. Ndo maana ukigawa wagonjwa wa hospitali ya Mbeya kwa watu wa Mbeya peke yao utaona kama wanaumwa sana, kumbe wengine ni wa Songwe.